Kabla Hujamimina Jiki Chooni

Mwongozo huu ni wa mtu anayeosha choo, chake au cha mwenye nyumba, kwa vitu vinavyopatikana karibu duka lolote la Mtwara: jiki, dawa ya choo, tindikali, sabuni ya unga. Unahusu hasa kosa moja, la kukutanisha jiki na asidi. Ni kosa la watu wasafi. Mvivu halifanyi, kwa sababu linahitaji mtu aliyekwisha kusugua mara moja, akaona doa limebaki, akaamua kuongeza nguvu.

Tuanze na kisa. Watu waliomo nimewabuni. Vilivyomo kwenye chupa zao sikuvibuni.

Dukani, Mikindani

Ni mwezi wa kumi. Msimu wa korosho umefunguka na vyumba vya kupanga vinatafutwa. Saa nne asubuhi kijana mmoja anaingia dukani, suruali kaikunja hadi magotini, macho yamemwiva kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nipe jiki. Ile kubwa."

Mama anaishusha chupa rafuni lakini haiachii mkononi. "Unafulia au unaoshea?"

"Naosha choo. Mpangaji kahama, kaacha sinki limeota njano mpaka chini. Mwenye nyumba anamleta mpya leo saa nane."

"Umeshatia nini mpaka sasa?"

"Tindikali. Fundi marumaru aliniachia kidogo kwenye chupa ya maji ya kunywa. Imechemka weee! Ila njano yenyewe haijaisha. Nikasema nimalizie na jiki, nifunge mlango, ifanye kazi."

Mama anairudisha chupa rafuni.

"Hii sikuuzii."

"Mama, hela ninayo."

"Hela naiona. Hiyo tindikali umeshaiondoa kwa maji?"

"Ipo mle, nimeiloweka."

"Choo kina dirisha?"

"Kile kidirisha cha juu. Kimezibwa na gunia, walikuwa wanaingia popo."

"Basi nisikilize. Ukimimina jiki juu ya tindikali inatoka hewa ya klorini. Utaisikia puani, halafu machoni, halafu kifua kinabana. Na wewe ndiye unataka kufunga mlango."

Kijana anacheka, kicheko cha mtu ambaye hajaamini. "Mama, lakini zote si dawa za choo? Na dada yangu kila siku anatia jiki kwenye sabuni ya unga, mbona mzima?"

"Sabuni ya unga haina asidi. Tindikali ni asidi tupu. Dada yako anafua, wewe unapika sumu."

"Sasa mpangaji wa saa nane?"

"Akikuta doa atanung'unika. Akikuta maiti hatapanga. Nenda kafungue mlango, toa hilo gunia, mwaga maji. Halafu njoo uchukue brashi. Unasugua na nini, kwani?"

"Ufagio wa chelewa."

"Ndiyo maana haitoki."

Hapo kisa kimekwisha. Kuna jambo moja ambalo mama huyu kalifanya na wauzaji wengi hawalifanyi: hakuishia kuuliza jiki ni ya nini. Aliuliza chooni kumeshatiwa nini. Jibu la swali la kwanza, "naosha choo", halina hatari yoyote ndani yake. La pili ndilo lililomwonyesha kwamba asidi tayari ipo sinkini inasubiri. Ukiwa peke yako nyumbani, swali hilo la pili inabidi ujiulize mwenyewe kabla ya kufungua kifuniko.

Kwa nini zikikutana inatoka sumu

Jiki hutengenezwa kwa kupitisha gesi ya klorini kwenye maji yenye kostiki, ileile wanayoitumia watengeneza sabuni. Kostiki huishika klorini, ikabaki ndani ya maji kama haipokloraiti ya sodiamu, ambayo kwa alama za kemia huandikwa NaOCl. Jiki hutulia chupani kwa sababu ina kostiki ya kutosha.

Asidi huimaliza kostiki hiyo. Kilichofungwa kiwandani kinafunguka chooni kwako, na klorini inarudi kuwa gesi:

NaOCl + 2HCl → Cl₂ + NaCl + H₂O

HCl hapo ni asidi hidrokloriki. Ndiyo hasa iliyomo kwenye tindikali ya kuoshea marumaru, na ndiyo iliyomo, ikiwa hafifu zaidi, kwenye dawa nyingi za choo za maji mazito. Kwa hiyo usidhani hatari ni ya tindikali ya fundi peke yake. Dawa ya choo yenye nembo nzuri na harufu ya maua inaweza kufanya kazi ileile.

Sasa tupige hesabu ya choo kidogo cha ndani: upana mita 1, urefu mita 1.5, kimo mita 2.4. Hewa iliyomo ni lita 3,600. Chukua jiki ya kawaida yenye asilimia 3.5 ya haipokloraiti, mimina mililita 100 tu, kama nusu kikombe cha chai. Ikikutana na asidi ya kutosha, klorini inayozaliwa kwa joto la Mtwara ni zaidi kidogo ya lita 1. Si yote itakayopanda hewani mara moja, nyingine itabaki kwenye maji ya sinki. Tuseme imetoka sehemu moja tu ya kumi. Bado ndani ya choo hicho kutakuwa na klorini kiasi cha sehemu 30 katika kila milioni ya hewa. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanaihesabu sehemu 10 katika milioni kuwa ni hatari ya papo hapo kwa maisha. Kijana wetu hakutaka nusu kikombe. Alitaka chupa kubwa.

Jambo la mwisho kuhusu gesi hii ni uzito wake, na ndilo linaloamua namna ya kujiokoa. Klorini ni nzito karibu mara mbili na nusu kuliko hewa, kwa hiyo haipandi ikatokea dirisha la juu. Inashuka, inatambaa sakafuni, inajaa bondeni. Tarehe 22 Aprili 1915 jeshi la Ujerumani liliifungulia klorini kutoka mitungini karibu na mji wa Ipre, Ubelgiji, upepo ukaipeleka na yenyewe ikateremkia kwenye mahandaki ya askari. Nyumbani, handaki ni mahali alipo mtoto anayetambaa, au wewe mwenyewe uliyechuchumaa unasugua sinki.

Ukiwa pale alipokuwa kijana: asidi imo, jiki bado

Bahati bado iko upande wako. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Fungua mlango uwe wazi kabisa na uondoe chochote kilichoziba dirisha. Watoto watoke, na jirani mnayetumia naye choo ajue kwamba hakitumiki kwa sasa.

2. Vaa glovu za mpira, viatu vya kufunika vidole, na miwani kama unayo. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi; usijipe moyo kwa kuivaa.

3. Mwaga maji safi ya baridi, ndoo nzima ya lita 10 au 20, polepole na kutoka chini. Ukimwaga kwa kishindo kutoka juu, asidi itakurukia usoni. Kama choo ni cha kuvuta, vuta kwanza, kisha ongeza ndoo.

4. Sugua kwa brashi, hasa chini ya ukingo wa sinki na kwenye kona ya maji, kwa sababu asidi hujificha huko. Mwaga maji tena. Rudia mara ya tatu.

5. Suuza pia brashi, ndoo, glovu na sakafu. Watu wengi huosha sinki vizuri kisha wakachovya brashi yenye asidi kwenye ndoo ya jiki.

6. Siku hiyo usitie jiki. Kama bado unaihitaji, itumie kesho yake, choo kikiwa kimeshamwagiwa maji na kutumika mara kadhaa.

Hatua ya sita inawaudhi wengi, kwa sababu mgeni anakuja leo. Lakini mara nyingi jiki haihitajiki kabisa, na sababu yake ni hii inayofuata.

Doa gani, dawa gani

Njano ile ya kijana haikuwa uchafu wa kuua kwa jiki. Maji ya visima vya pwani, hasa yanayopita kwenye mwamba wa matumbawe, hubeba chokaa. Chokaa hiyo huganda sinkini, ikachanganyika na chumvi za mkojo, na mara nyingine na kutu ya bomba. Ni jiwe jembamba. Jiki hailiyeyushi jiwe. Inalipausha tu juu juu, ukafurahi siku mbili, kisha linarudi njano. Kwenye kutu inaharibu zaidi, maana inaweza kulifanya doa likolee.

Namna ya kutambua ni kupitisha ncha ya kijiti juu ya doa. Kikikwaruza na ukahisi ukoko mgumu, hilo ni doa la chokaa, linataka asidi. Kikiteleza juu ya utando laini, mweusi au wa kijani, hiyo ni kuvu au mwani, na hapo ndipo jiki inapofaa. Ukikuta vyote viwili, shughulikia ukoko leo na utando kesho.

Kwa ukoko, tumia dawa ya choo yenye lebo peke yake. Tindikali ya chupa ya maji waachie mafundi, tena nisingependa hata fundi aiache nyumbani kwako. Kwanza sukuma maji ya sinki yashuke kwa brashi, ili dawa iguse ukoko badala ya kuogelea. Zungushia dawa chini ya ukingo. Iache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Sugua kwa brashi ngumu ya choo, si chelewa, kisha mwaga maji. Doa likibaki, rudia dawa ileile. Ukoko wa miaka mitano hauondoki kwa mara moja, na hilo halimaanishi dawa ni mbovu.

Asidi hiyohiyo inayoyeyusha chokaa ya sinki inayeyusha pia chokaa ya nyumba. Kwenye nyumba za zamani za Mikindani zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa, tindikali iliyomwagika ukutani au sakafuni itachemka na kula. Kuchemka kule ambako kijana alikufurahia hakukuwa dalili ya usafi. Asidi ilikuwa inakutana na chokaa, iwe ya doa au ya saruji iliyoshikilia marumaru. Ndiyo maana vigae vya vyoo vinavyooshwa kwa tindikali kila wiki huanza kucheza.

Jiki peke yake, namna ya kuitumia

Osha kwanza kwa sabuni na maji, suuza, halafu ndipo utie jiki. Jiki ikikutana na uchafu inaishia kwenye uchafu na vijidudu vinabaki.

Kwa sakafu au sinki lililokwisha kusafishwa, kikombe kimoja cha jiki ya asilimia 3.5 kwenye vikombe 34 vya maji kinatosha. Kama kuna damu, matapishi au kinyesi cha mgonjwa wa kuhara, tumia kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji. Iache dakika 10 ikiwa mbichi juu ya sehemu hiyo, kisha suuza. Tumia maji ya baridi, kwa kuwa ya moto huivunja jiki na kukupulizia mvuke wake. Uliyokwisha kuichanganya na maji itumie siku hiyohiyo na ya kubaki uimwage.

Kuna sababu moja inayowasukuma watu kuongeza kitu kingine, nayo haisemwi: jiki yenyewe huwa imechoka. Joto na jua huivunja ikiwa chupani. Chupa iliyokaa miezi dirishani mwa duka, ikipigwa na jua la mchana, inakuwa dhaifu kuliko lebo inavyosema. Mteja anaona haifanyi kazi, anadhani wameichakachua, anatafuta cha kuipa nguvu. Dawa yake ni kununua chupa ndogo, kusoma tarehe, na kuiweka kivulini.

Asidi za jikoni

Hapa ndipo watu wa pwani tunapopita bila kujua. Beseni la samaki limenuka, mtu analiosha kwa jiki, kisha kabla halijasuuzwa anakamulia ndimu ili harufu ikate. Ndimu ni asidi. Siki ni asidi. Maji ya ukwaju nayo ni asidi. Ni hafifu kuliko tindikali, na klorini inatoka kidogo, lakini uso wako uko juu ya beseni, na jiko lenyewe lina mlango mmoja.

Utaratibu salama wa beseni ni sabuni kwanza, suuza, kisha ndimu peke yake kwa ajili ya harufu. Ukitaka kuua vijidudu kwa jiki, fanya hivyo zamu nyingine, baada ya kusuuza kwa maji mengi mpaka huhisi tena harufu ya ndimu.

Choo cha shimo

Vijiji vingi vya njia ya Msimbati na kando ya Ruvuma vinatumia choo cha shimo, na huko kuna mchanganyiko wa pili. Mkojo uliokaa hutoa amonia, ndiyo ile harufu inayochoma pua asubuhi. Jiki ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine ziitwazo kloramini. Zinachoma macho na mapafu kama klorini, na huhitaji kuongeza asidi yoyote. Zaidi ya hayo, jiki inayomwagwa shimoni inamalizwa na kinyesi kabla haijaua chochote cha maana, kwa hiyo unanunua hatari bila faida.

Usimwage jiki shimoni. Ioshee sakafu ya choo tu, baada ya kumwaga maji ya kutosha kuondoa mkojo na kusugua kwa sabuni, mlango ukiwa wazi. Harufu ya shimo ipunguze kwa mfuniko wa tundu na bomba la hewa. Tahadhari hii inahusu pia ndoo ya mkojo ya mgonjwa na nepi za mtoto zilizolala usiku kucha: suuza kwa maji matupu kwanza, jiki baadaye.

Na kwa kuwa tuko kwenye michanganyiko, usitie jiki kwenye spiriti wala kwenye vitakasa mikono. Nayo hutoa mvuke wenye sumu. Dawa ya kufuta vioo nayo iache peke yake, baadhi zina amonia.

> IKIWA UMESHACHANGANYA
>
> Dalili: harufu kali ya kuchoma ambayo haikuwepo sekunde chache nyuma, macho kutoa machozi, kikohozi cha ghafla, koo kukaza. Gesi ikiwa nyingi unaweza kuona ukungu wa kijani-njano chini karibu na sinki. Usisubiri kuuona.
>
> 1. Toka sasa hivi. Usirudi kumwaga maji, kuchukua simu wala kufunga chupa. Acha mlango wazi nyuma yako.
> 2. Nenda mahali pa wazi, upande unakotoka upepo, na simama. Usilale chini, usimkalishe mtoto sakafuni, usijifunike kanga kichwani ukabaki ndani.
> 3. Watoe wote waliomo nyumbani. Asiingie mtu kumwokoa mwingine kwa kubana pumzi. Aliyeanguka ndani aitiwe Zimamoto, namba 114.
> 4. Macho yakichoma, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Nguo zilizorukiwa zivuliwe na ngozi ioshwe.
> 5. Mwenye pumu atumie dawa yake ya kuvuta. Mgonjwa akae wima, si kulala.
> 6. Usimpe maziwa wala mafuta, usimtapishe. Sumu iko kwenye mapafu, haiko tumboni.
> 7. Kikohozi kisipokoma, kifua kikibana, akipumua kwa mluzi au midomo ikigeuka rangi, mpeleke hospitali bila kungoja. Kwa Mtwara mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mitengo. Ushauri wa simu wa Wizara ya Afya ni namba 199.
> 8. Waambie wauguzi majina ya vitu vyote viwili. Picha ya lebo inatosha. Usipande bodaboda na chupa iliyo wazi.

Namba 7 inahitaji neno zaidi. Mtu aliyevuta klorini nyingi anaweza kupata nafuu akiwa nje, akanywa maji, akasema amepona, kisha baada ya saa kadhaa mapafu yakaanza kujaa maji. Yanaweza kumpata usiku. Kwa hiyo aliyekohoa sana asiachwe alale peke yake, na asifanye kazi nzito siku hiyo. Hakuna dawa ya kuifuta klorini mwilini. Hospitali humsaidia kwa oksijeni na dawa za kupanua njia za hewa, na hizo dukani hazipo.

Chumba chenyewe kiache wazi mpaka harufu iishe kabisa. Kipindi cha kusi upepo utakusaidia upesi. Siku zilizotulia, kabla ya mvua, hewa haisogei, ngoja zaidi. Ukirudi, mwaga maji mengi ukiwa umesimama mlangoni. Usijaribu kuipoza gesi kwa kumwaga kitu cha tatu, iwe siki, magadi au sabuni.

Chupa isiyo na lebo

Kijana alipewa tindikali kwenye chupa ya maji ya kunywa, na hilo peke yake lingeweza kumwua mtoto wa jirani hata jiki isingekuwepo. Ukikuta chupa ya namna hiyo nyumbani, usinuse kujua ni nini, usiionje, usiijaribu kwa kuitia kwenye kitu kingine. Ihesabu kuwa ni asidi na ni jiki kwa wakati mmoja, maana yake isiguse chochote. Mrudishie fundi aliyeileta. Asipopatikana, iweke wima mahali pa juu palipofungwa, iandike HATARI kwa kalamu isiyofutika, kisha uwaulize Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Hao ndio wasimamizi wa kemikali za viwandani na majumbani chini ya sheria ya mwaka 2003.

Kwenye chupa yenye lebo tafuta mambo mawili. Kwanza, imeandikwa asidi au HCl? Pili, imeandikwa haipokloraiti, klorini au NaOCl? Chupa moja ikiwa ya kundi la kwanza na nyingine ya kundi la pili, zitunze mbalimbali na zitumie siku tofauti. Picha ya kimiminika kinachokula mkono na chuma inakuambia kitu kinababua, lakini haikuambii ni kundi gani, kwa kuwa jiki na asidi zote mbili zinaweza kuibeba.

Kwa mwenye duka

Wewe ndiye mtu wa mwisho anayeziona chupa zote mbili kabla hazijakutana. Huna haja ya kuwa mkemia.

☐ Jiki na dawa za choo zenye asidi hazikai rafu moja, wala moja juu ya nyingine. Chupa ya juu ikivuja, duka lenyewe ndilo choo kidogo tulichokipigia hesabu.

☐ Vitu hivi haviwi juu ya unga, sukari na maji ya kunywa.

☐ Hupimi jiki wala tindikali kwenye chupa za soda au maji, hata mteja akija na yake. Jibu la kumpa ni fupi: "Chupa hii kesho mtu ataikuta mezani."

☐ Jiki haikai dirishani penye jua.

☐ Mteja akichukua jiki na dawa ya choo kwa pamoja, unamwambia pale pale: "Hizi usizitumie siku moja." Akichukua jiki tu na akasema ni ya choo, unamuuliza ametia nini.

☐ Akijibu kwamba ameshatia kitu asichokijua jina, unamuuzia brashi na sabuni, jiki unabaki nayo. Akikasirika na kwenda duka la pili, mtume mtoto amkimbilie mwenye duka huyo amwambie kilichomo chooni mle.